Karatasi, mifano au mahojiano? Njia tatu za kuielekeza modeli ya lugha kabla haijaandika tangazo lako

"Je, umechoka na asali isiyo na ubora? Usijali! Tunakuletea asali asilia kwa asilimia mia moja, iliyothibitishwa na TBS, inayotibu kikohozi na vidonda vya tumbo. Agiza leo upate punguzo na usafiri wa bure. Usikose fursa hii adhimu!"

Rasimu ya namna hii ndiyo unayoipata ukiiambia ChatGPT, Gemini au Claude "niandikie tangazo la redio la asali, sekunde thelathini" kisha ukaishia hapo. Sarufi yake haina neno. Ila TBS hakuna aliyeitaja, punguzo halipo, mwenye duka hana hata bodaboda ya kupelekea wateja mizigo, na hilo dai la kutibu vidonda vya tumbo linaweza kumwita mkaguzi dukani.

Modeli haikukusudia kudanganya. Imesoma matangazo mengi, na mengi yana punguzo, uthibitisho na usafiri wa bure. Pale usipoipa taarifa, inaziba pengo kwa kile kilichozoeleka. Sauti nayo ni hivyo hivyo: usipoiambia nani anasema na nani anasikiliza, inaandika kwa sauti ya wastani ya matangazo yote duniani, na kwa Kiswahili wastani huo mara nyingi ni Kiingereza kilichoazima kanga.

Kwa hiyo kazi ni kuziba mapengo kabla haijayaziba yenyewe. Njia zinazotumika zaidi ni tatu: kuiandikia karatasi ya maelezo, kuipa mifano ya matangazo yaliyokwisha kukubaliwa, au kuiacha ikuhoji kwanza. Watu huzigombania kana kwamba ni timu za Kariakoo. Kwa maoni yangu kila moja inatibu ugonjwa wake, na anayechagua vibaya atarekebisha rasimu kwa muda uleule ambao angetumia kuandika mwenyewe.

Kisa tutakachokitumia na vigezo

Tuseme kuna duka dogo Mbagala, Dar es Salaam, linalouza asali kutoka misitu ya miombo ya Tabora. Chupa ni ya nusu lita, bei shilingi 9,000. Mwenye duka anataka tangazo la redio la sekunde 30, na anayemlenga ni mama anayenunua asali ya chai na uji wa nyumbani. Wateja wake wana shaka moja kubwa: asali ikiganda, wanaamini imechanganywa na sukari, wanairudisha au wanaitupa.

Nitazipima njia zote kwa mambo manne. La kwanza ni hakika: je, rasimu imebaki ndani ya yaliyo kweli? La pili ni sauti, pamoja na kama inaongea na mtu anayelengwa. La tatu ni muda wa maandalizi. La nne ni kutumika tena, maana biashara haitoi tangazo moja ikafunga.

Urefu sikuuweka kwenye vigezo kwa sababu shida yake ni ileile kwa njia zote. Maneno ya Kiswahili ni marefu, hivyo sekunde 30 za kusoma bila kukimbia hubeba kama maneno 50 hadi 60. Maneno 75 yanayotajwa sana ni kipimo cha Kiingereza. Modeli hazihesabu maneno vizuri, kwa hiyo taja idadi kwenye agizo lako, kisha mwenyewe soma rasimu kwa sauti huku umeshika saa.

Njia ya kwanza: karatasi ya maelezo

Hapa unaandika ukurasa mmoja wenye vichwa na kuubandika juu ya agizo lako. Kwa duka letu ungekuwa hivi:

```
HAKIKA (tumia hizi tu)
- Asali ya Tabora, misitu ya miombo
- Chupa ya nusu lita, shilingi 9,000
- Inauzwa dukani tu, Mbagala Rangi Tatu,
  jirani na kituo cha daladala
- Mteja anaruhusiwa kuonja kabla ya kununua
- Asali huganda, hasa wakati wa baridi; chupa
  ikiwekwa kwenye maji ya uvuguvugu, inalegea

MIPAKA
- Usiseme inatibu ugonjwa wowote
- Usiseme kuganda kunathibitisha usafi
- Usitaje watoto wachanga
- Usitaje TBS, punguzo, zawadi wala usafiri

ANAYESIKILIZA
Mama wa Mbagala, ananunua asali ya chai
na uji. Aliwahi kuona asali
imeganda, akaitupa.

ANAYESEMA
Mwenye duka, anamjibu jirani yake. Sentensi
fupi. Kiswahili cha Dar es Salaam.

UREFU: maneno 50 hadi 60
UKIKOSA TAARIFA: andika [HAIPO], usibuni
```

*Hakika.* Hapa ndipo karatasi inapozishinda nyingine, na nguvu yake kubwa iko kwenye sehemu ya mipaka. Watu wengi huorodhesha sifa za bidhaa, wasiandike sifa hizo zinaishia wapi. Chukua kuganda. Ukiiambia modeli tu kwamba asali halisi huganda, itaruka moja kwa moja kwenye "asali ikiganda, ujue ni safi!" Hilo si kweli. Kuganda kunategemea maua ambayo nyuki walifyonza na hali ya hewa; peke yake hakuthibitishi usafi wala uchakachuaji. Mstari mmoja wa mpaka unazuia kosa ambalo mshindani angelishika na kulichekea hewani.

Mstari wa watoto wachanga nao una sababu. Umeshaandika "mama" na umeshaandika "uji". Modeli ikiona maneno hayo mawili pamoja, ni rahisi sana ilete "uji wa mwanao mchanga". Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapewi asali, kwa hatari ya sumu ya botulizimu. Hadhira uliyoieleza vizuri inaweza yenyewe kuzaa kosa, ndiyo maana mipaka huandikwa baada ya kumfikiria msikilizaji.

Na ile [HAIPO] usiidharau. Inaipa modeli njia ya kutokea. Ukisahau kuandika saa za kufungua, utaona shimo lenye mabano badala ya "tupo wazi saa ishirini na nne" iliyobuniwa na ambayo jicho lililochoka lingeipitisha.

*Sauti.* Karatasi hufika nusu ya njia tu. Kosa la kawaida ni kuandika vivumishi: "iwe ya kirafiki, ya kisasa, yenye mvuto". Maneno hayo yanalingana na kila tangazo lililowahi kuandikwa, na utapata "Rafiki yetu mpendwa, karibu ufurahie ladha halisi ya asili!" Ukieleza nani anasema na anamwambia nani, kama tulivyofanya hapo juu, unasogea hadi "Mama, usiitupe hiyo asali. Imeganda tu." Tofauti ni kubwa. Hata hivyo mizaha ya mwenye duka, namna anavyokata maneno, salamu anazopenda, hayo hayaelezeki kwa maelezo. Kutaja mahali pia ni lazima, la sivyo utapata Kiswahili kisichojulikana ni cha Dar, Mombasa au cha taarifa ya habari.

*Muda.* Mara ya kwanza inakula muda, hasa kwa sababu kuandika mipaka kunakulazimisha umpigie simu mwenye biashara na kumuuliza mambo ambayo hakuwahi kuyafikiria.

*Kutumika tena.* Nzuri mno. Tangazo la mwezi ujao linahitaji kubadilisha bei na lengo tu. Ila iandike tarehe juu yake. Karatasi yenye bei ya zamani itakupa rasimu yenye uongo ulio nadhifu.

*Inamfaa* mwenye bidhaa ambazo ukikosea hakika unaumia: chakula, vipodozi, mikopo, bima, dawa za mifugo. Inamfaa pia anayefanya kazi na wengine, kwa sababu karatasi inaweza kupita mikononi mwa watu na kila mtu akapata rasimu inayofanana. Haimfai sana mtu ambaye biashara yake inauzwa na kipaji cha kuongea.

Njia ya pili: mifano

Unabandika matangazo mawili au matatu ambayo mwenye biashara aliyapenda, kisha unasema: andika jipya kwa sauti hii, kuhusu bidhaa hii.

*Sauti.* Ninaanza na hii kwa sababu ndiyo sababu ya kuichagua. Modeli ni hodari sana wa kuiga. Inashika urefu wa sentensi, inashika kama mzaha unakuja mwanzoni au mwishoni, inashika kama msikilizaji anaitwa "mama", "ndugu" au "mdau". Ukurasa mzima wa maelezo ya sauti haufikii mifano miwili mizuri.

Shida ni kwamba inaiga hata usichotaka. Tuseme duka letu lilishatoa tangazo la karanga lililopendwa, lenye mstari huu: "Wanasema karanga zinakaa miezi? Zikae wapi, watoto wapo!" Ukiipa modeli mfano huo mmoja peke yake, rasimu ya asali itakuja na "Wanasema asali inakaa miaka? Ikae wapi, chai ipo!" Ukisoma haraka utacheka. Msikilizaji aliyelisikia la karanga atajua mmeishiwa. Ndiyo maana mfano mmoja ni hatari. Weka mitatu yenye mwanzo tofauti, ili kinachofanana kati yake kiwe sauti yenyewe na si mzaha mmoja. Ongeza na mstari wa kusema unachokipenda: "angalia anavyojibu swali la mteja kabla hajataja bei".

Siri moja ya wanaofanya kazi hii: mfano bora mara nyingi si tangazo la zamani. Ni ujumbe wa sauti wa WhatsApp ambao mwenye duka alimjibu mteja. Uandike kama ulivyo, pamoja na "sasa sikiliza" na "eeh bwana" zake. Matangazo ya zamani tayari yamepigwa pasi. Ujumbe wa sauti bado una mikunjo ya mtu. Omba ruhusa yake, na ufute majina na namba za wateja kabla ya kubandika popote.

*Hakika.* Hapa njia hii ni dhaifu. Mifano ina bei, mahali na ahadi za bidhaa nyingine, na hizo huvuja. Bei ya karanga inaweza kutokea kwenye asali, na ofa ya sikukuu iliyokwisha ikafufuka. Dawa ni kuiosha mifano kwanza: badilisha kila tarakimu na kila jina la mahali kuwa "____", na juu yake uandike "mifano ya sauti tu, usichukue taarifa yoyote humu". Hata ukifanya hivyo, rasimu lazima ikaguliwe namba kwa namba.

*Muda.* Ni mfupi kama mifano unayo. Kama huna, usijitungie mifano ya haraka ili upate cha kubandika. Modeli itaiga uharaka wako.

*Kutumika tena.* Inafaa kwa muda, kisha inachosha. Matangazo matano yaliyotokana na mifano ileile yanaanza kufanana kama sare. Badilisha mfano mmoja kila mara mwenye duka anapopenda tangazo jipya.

*Inamfaa* biashara yenye sauti inayojulikana tayari, na mwandishi anayerithi mteja kutoka kwa mwandishi mwingine. Haimfai anayeanza leo, wala anayetaka kubadilisha sura ya chapa yake, maana mifano inavuta kurudi nyuma.

Njia ya tatu: mahojiano

Hapa huandiki kitu. Unaiagiza modeli iulize: "Usiandike tangazo bado. Niulize maswali saba, moja baada ya jingine, kuhusu bidhaa, mteja na namna tunavyoongea. Nikimaliza, nipe muhtasari niuthibitishe." Unajibu kwa kuandika, au kwa kuongea kama simu yako inaweza kugeuza sauti kuwa maandishi.

*Hakika.* Inategemea maswali. Ukiiacha yenyewe, itauliza "Ni nini kinaitofautisha bidhaa yako na nyingine?" na wewe utajibu "ubora", na tumerudi kule tulikoanza. Ielekeze iulize kuhusu malalamiko: mteja wa mwisho aliyerudisha bidhaa alisema nini? Mtu husita wapi kabla hajatoa hela? Anakufananisha na nani? Kwa duka letu, swali la kwanza kati ya hayo ndilo linaloleta habari ya asali iliyoganda. Mwenye duka asingeiandika kwenye karatasi, kwa sababu kwake ni kero tu. Hajui kwamba ndiyo tangazo lenyewe.

Hatua ya muhtasari usiiruke. Modeli ikifupisha majibu yako hupiga pasi na namba. Nusu lita inaweza kugeuka nusu kilo, na kwa asali hivyo ni vitu viwili: asali ni nzito kuliko maji, nusu lita yake ina uzito wa kama gramu 700. Tangazo likisema nusu kilo, mwenye duka anajipunja kwenye tangazo lake mwenyewe.

*Sauti.* Ya wastani. Kama mwenye biashara anajibu mwenyewe kwa mdomo, majibu yake yanaipa modeli maneno yake halisi na rasimu inachangamka. Ukijibu wewe mwandishi kwa niaba yake, unakisia, na rasimu itasikika kama wewe.

*Muda.* Maandalizi hakuna, ila mazungumzo yenyewe yanachukua robo saa au zaidi, na hayafanyiki ukiwa na haraka.

*Kutumika tena.* Mahojiano yenyewe hayarudiwi, lakini ule muhtasari uliothibitishwa ni karatasi ya njia ya kwanza iliyokwisha kuandikwa. Uhifadhi nje ya mazungumzo. Ukifungua mazungumzo mapya wiki ijayo, usitegemee kwamba modeli itakumbuka kila ulichojibu.

*Inamfaa* mwenye biashara anayejua kila kitu kuhusu bidhaa yake na hajui aanzie wapi kukisema. Inamchosha mtu wa matangazo mwenye wateja kumi wanaosubiri.

Asali yetu mwishowe

Kwa kisa hiki ningechanganya: mahojiano mafupi ili shaka ya kuganda ijitokeze, muhtasari wake uwe karatasi, na juu yake ujumbe mmoja wa sauti wa mwenye duka, ulioandikwa kama ulivyo. Tangazo la kulenga lingekuwa karibu na hili:

"Mama, usiitupe hiyo asali. Imeganda tu. Asali huganda, hasa wakati wa baridi. Chukua sufuria, weka maji ya uvuguvugu, tumbukiza chupa, subiri kidogo. Italegea. Asali yetu inatoka Tabora, kwenye misitu ya miombo. Nusu lita, shilingi elfu tisa. Huna haja ya kununua kwanza: njoo dukani uonje. Tupo Mbagala, Rangi Tatu, jirani na kituo cha daladala."

Ni maneno 53. Kilichobaki kwa mhariri ni vitu kama kuchagua "italegea" badala ya "itarejea katika hali yake ya awali", ambayo modeli huipenda sana, na kumuuliza mwenye duka kama "sufuria" imwambie mtu wa redio aweke mlio wa maji.

Uchague ipi?

Kabla ya kuchagua, chukua rasimu yako ya mwisho iliyokusumbua na uweke herufi kando ya kila ulichorekebisha: H kwa jambo lisilo kweli, S kwa sauti, T kwa sentensi ambayo ni kweli na inasikika vizuri lakini ni tupu. Herufi iliyojaa ndiyo jibu lako.

Ukiona H nyingi, andika karatasi, na utumie muda wako zaidi kwenye mipaka kuliko kwenye sifa. Ukiona S, tafuta mifano na uioshe. Kuongeza vivumishi kwenye karatasi hakutakusaidia. Ukiona T, taarifa unazoipa modeli ndizo tupu, na hapo mahojiano yatakufaa, yakianzia kwenye malalamiko ya wateja.

Kama unauza kitu ambacho mamlaka inakikagua, karatasi ni ya lazima hata ukitumia njia nyingine, na mipaka yake isomwe na mwenye biashara, si wewe peke yako. Kama unaandikia wateja wengi, kila mmoja awe na faili lake: karatasi yenye tarehe na mifano yake iliyooshwa, na usibandike za wawili kwenye mazungumzo mamoja, maana bei ya mmoja itahamia kwa mwingine.

Kama ni biashara mpya isiyo na tangazo lolote la nyuma, anza na mahojiano. Mifano ya biashara nyingine itakupa sauti ya jirani. Na kama mtangazaji anakusubiri studio na huna muda wa lolote kati ya haya, andika mistari mitatu tu: bei na mahali, nani anamwambia nani, na ile ya "ukikosa taarifa andika [HAIPO]". Rasimu itakuwa na mashimo, lakini mashimo utayaona kabla ya mtangazaji hajawasha kipaza sauti.